Jina la Tawi: Uchambuzi wa Kisa cha Mashabiki wa Ngamiani

Kwenye daftari la katibu jina lilikuwa limeshaandikwa na kupigiwa mstari kwa wino mwekundu: Umoja wa Mashabiki wa Kweli wa Coastal Union Ngamiani. Walikuwa watu arobaini na kitu, wengi wa barabara za katikati ya Ngamiani mjini Tanga, wauza samaki, mafundi wa baiskeli, akina mama wa vitumbua, na vijana wawili watatu wanaosoma. Michango ya kwanza ilikuwa imekusanywa, na mwenyekiti alikuja kwangu na ombi moja tu: niwachoree bango la kwenda nalo uwanja wa Mkwakwani. Kazi yangu ni kuchora mabango, na mpira wa Tanga ndio ninaoupenda, kwa hiyo kabla ya kugusa brashi nilimwomba tuhesabu herufi.

Zilikuwa 45, bila kuhesabu nafasi kati ya neno na neno.

Ninaeleza kisa hiki kirefu kwa sababu matawi mengi huanzia hapohapo. Jina hutungwa na watu waliokaa kwenye viti, likisomwa kwa sauti ya mkutano, na kila mtu anataka neno lake liingie. Huyu anataka "umoja", yule anataka "kweli" kwa sababu kuna tawi la jirani analoliona la mdomoni tu. Jina linatoka limewaridhisha wote. Halafu linatakiwa likafanye kazi nne ambazo hakuna aliyezifikiria: lipigiwe kelele na watu wanaoruka, lisomeke kutoka jukwaa la upande wa pili, likae kwenye kipande cha kitambaa cha shingoni, na lionekane zima kwenye picha ya simu.

Tuanze na bango, maana ndilo lenye hesabu isiyobishiwa. Sisi wachoraji tuna kanuni ya mkono: ili mtu asome bila kukaza macho, kila mita tatu za umbali zinahitaji herufi yenye kimo cha sentimita mbili na nusu hivi. Uwanja wa mpira kwa kawaida una upana wa mita 68. Ukiongeza nafasi ya pembeni na ngazi za jukwaa, msomaji wa upande wa pili yuko kama mita 90 kutoka kwako. Mita 90 ukigawa kwa tatu ni 30, mara sentimita mbili na nusu ni 75. Basi herufi inatakiwa iwe na kimo cha sentimita 75. Herufi nene ya kimo hicho, pamoja na nafasi yake ya kupumulia, inakula kama sentimita 60 za upana. Herufi 45 mara sentimita 60 ni mita 27. Weka na nafasi kati ya maneno, unakaribia mita 30.

Mwenyekiti akasema tuligawe mistari miwili. Mita 15, mistari miwili ya sentimita 75, na bango linakuwa na kimo cha karibu mita mbili. Limtoshe nani kulishika? Upepo wa jioni ukitoka baharini ukalipiga kitambaa cha ukubwa huo, watu kumi na tano hawatazami mpira tena, wanapigana na bango. Njia ya tatu ni kupunguza herufi mpaka zitoshe mita tano au sita, na hapo jina litasomwa na waliokaa kwenye jukwaa lenu wenyewe, watu ambao tayari wanajua ninyi ni nani.

Sikuwaambia wafute jina lao. Jina refu lina mahali pake: kwenye katiba ya tawi, kwenye barua ya kujitambulisha kwa uongozi wa klabu, kwenye mhuri wa mhazini. Nilichowaambia ni kwamba jina la daftari ni moja na jina la kuitwa ni lingine, na klabu zetu zimeishi hivyo miaka yote. Coastal Union ndivyo inavyosomeka kwenye karatasi, lakini jukwaani ni Wagosi wa Kaya. Majirani zetu African Sports ni Wana Kimanumanu. Hakuna aliyewahi kuona hayo ni majina mawili yanayogombana.

Wakakubali kutafuta jina la kuitwa. Kikao kikaitishwa kwenye baraza ya nyumba ya mmoja wao, na kutoka hapo yakatoka mapendekezo matano. Kila moja lilikuwa na mtetezi wake na kila moja lilianguka au kusimama kwa sababu yake.

La kwanza lilikuwa Wekundu wa Ngamiani. Lilipendwa haraka, kwa kuwa rangi zetu ni nyekundu na nyeupe. Lakini rangi hizohizo ni za Simba, na Simba ndio Wekundu wa Msimbazi, nchi nzima inajua. Fikiria picha ya watu arobaini wamevaa jezi nyekundu na nyeupe, wameshika bango lililoandikwa WEKUNDU. Mtu wa Mwanza akiiona kwenye simu hatakwenda kusoma neno la pili. Ataona tawi la Simba lililoko Tanga. Siku Simba ikija Mkwakwani mambo yatakuwa mabaya zaidi, maana mtakuwa mnapiga kelele za wageni mkiwa nyumbani. Jina likafa palepale, na mtoa wazo mwenyewe ndiye aliyelizika.

La pili lilikuwa Mabingwa 88, kwa heshima ya ubingwa wa Tanzania ambao Coastal iliuchukua mwaka 1988. Hili lilinigusa, na nadhani liliwagusa wazee wote waliokuwapo. Kwa macho ni jina zuri mno: tarakimu mbili zenye mviringo, unaziona kutoka mbali, zinakaa kwenye skafu kama zimezaliwa hapo. Ila macho na mdomo havihesabu sawa. Tarakimu mbili kwenye kitambaa ni silabi saba mdomoni: the-ma-ni-ni-na-na-ne. Ukiongeza "mabingwa" mbele yake, mpiga ngoma ameshamaliza mzunguko na nyie bado mko katikati ya neno. Vijana wakajaribu kuita "nane nane", ikawa inasikika kama watu wanaosherehekea sikukuu ya wakulima. Tukakubaliana 1988 iwekwe pembeni ya bango kwa herufi ndogo, isiwe jina.

La tatu lilikuwa Mabaharia. Lina bahari ndani yake, lina uzito, na klabu yenyewe ni ya pwani. Aliyelikataa ni mama mmoja muuza vitumbua, tena kwa sauti ya juu kuliko wote. Akasema, "Mgosi, nikitoka hapa na skafu imeandikwa baharia, mume wangu ataniuliza nimeanza lini ubaharia." Watu wakacheka, lakini alikuwa na hoja kamili. Kwa lugha ya vijana wa sasa baharia ni mwanamume mjanja wa mtaani, tena mwenye mambo yake na wanawake. Tawi lilikuwa na akina mama zaidi ya kumi. Jina la kikundi halibaki kuwa jina la kikundi tu, linageuka kuwa jina la mtu mmojammoja, na kila mwanachama lazima aweze kulibeba peke yake sokoni bila kujieleza. Tulikuja kulijaribu uwanjani pia, kwa haki ya mtetezi wake, na nitaeleza lilivyofanya.

Yakabaki Nanga na Ngalawa, na hapa ndipo kazi ilipoanza.

Nilitaka majina yasikilizwe mahali penye upepo, si barazani. Tukaenda kwenye uwanja wa mazoezi jioni, watu ishirini na kitu na ngoma mbili. Kundi likasimama nyuma ya goli moja. Nyuma ya goli la pili, kiasi cha mita mia moja, tulimweka kijana ambaye hakuwa amehudhuria kikao na hakujua orodha. Kazi yake ilikuwa kuandika kila alichokisikia, hata kama ni nusu neno. Hili ndilo jambo ninalolisisitiza kwa tawi lolote: msikilizaji asiwe mtu anayejua majina. Anayejua atasikia anachokitegemea.

Kwa Mabaharia aliandika "haria", na mara nyingine "aria" tu. Sababu iko kwenye namna tunavyopiga kelele kwa Kiswahili. Mkazo wa neno letu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kundi likiwa na hamasa hilo ndilo linalovutwa, mabahariiia. Silabi za mwanzo hupitiwa haraka, kila mtu kwa kasi yake, zikigongana. Neno likiwa na silabi tano, mbili za mwanzo zinapotea kwenye vumbi. Tena sauti inayovutwa hapo ni "i", sauti nyembamba ambayo mdomo wake haufunguki. Watu ishirini wakivuta "i" wanapiga mluzi. Watu ishirini wakivuta "a" wanafungua vifua.

Nanga ilisikika vizuri kuliko zote. Silabi mbili, zote za "a", mkazo kwenye ya kwanza, na ngoma ya hatua mbili inaibeba bila jasho: na-nga, na-nga, na-nga. Kijana wa upande wa pili aliiandika sawasawa mara zote. Herufi tano tu, kwa hiyo bango lake lingekuwa la mita tatu na ushei. Mchoro wake kila mtu anaujua. Kama tungeamua kwa masikio na macho peke yake, jina lingekuwa Nanga na kisa kingeishia hapo.

Lakini kuna jaribio jingine ambalo sisi watu wa Tanga hatuwezi kuliruka, kwa sababu tunaishi kwenye utani. Jina la mashabiki siku ya kwanza linakuwa lenu, siku ya pili linakuwa la wapinzani. Wataligeuza, wataliimba, na kama limewapa upenyo wataliimba vizuri kuliko ninyi. Kwa hiyo tuliwachagua vijana wawili wenye maneno, tukawapa kazi ya kuwa mashabiki wa timu pinzani kwa jioni moja. Waliambiwa wasiwe na huruma.

Kwa Nanga hawakuhitaji hata kufikiri. Mmoja alianza, mwenzake akaitikia: "Nanga!" "Chini!" "Nanga!" "Chini!" Na nanga kweli kazi yake ni kwenda chini. Baraza zima lilinyamaza. Wengi wetu tunaukumbuka msimu uliokwisha mwaka 2016, timu tatu za Tanga, Coastal Union, African Sports na Mgambo, ziliposhuka daraja kwa pamoja. Coastal ilikaa nje mpaka msimu wa 2018/19. Shabiki wa mahali pengine anaweza kucheka wimbo wa "nanga chini", ila sisi tungeusikia kila timu inapopoteza mechi mbili mfululizo, na tungekuwa tumewapa wenyewe ngoma na maneno. Mzee mmoja akasema tungejibu kwamba nanga ndiyo inayoshikilia meli isichukuliwe na maji. Ni kweli, lakini jibu hilo linahitaji sentensi nzima, na tusi linahitaji neno moja. Jukwaani sentensi haimshindi neno.

Kwa Ngalawa walihangaika zaidi. Walijaribu "haina injini", ikakosa mdundo. Kisha wakapata "Ngalawa imepinduka", na hiyo ilikuwa na nguvu, hatuwezi kukataa. Safari hii, hata hivyo, jibu lilikuwapo tayari kwenye chombo chenyewe. Mvuvi mmoja wa Sahare aliyekuja kusikiliza tu alinyoosha mikono yote miwili pembeni, kama matengo, zile mbao za kuizuia isipinduke, yalivyo kwenye ubavu wa ngalawa, akayumba kulia na kushoto, akasema, "Haipinduki, ina matengo." Watu walimfuata bila kuambiwa. Ndani ya muda mfupi ilikuwa safu nzima imenyoosha mikono inayumba pamoja, na tusi lilikuwa limegeuka kuwa mchezo wa jukwaa. Nilipoona hivyo nilijua jina limepatikana, ingawa kura haikuwa imepigwa.

Kulikuwa na pingamizi moja la maana kutoka kwa wenyeji. Ngamiani hakuna ngalawa, walisema, ngalawa ziko Sahare, ziko Tongoni, na watu wa huko wanaweza kudai tumewachukulia chao. Hilo halikujibiwa kwa maneno. Katibu na watu wawili walikwenda kuwaona wapenzi wa Coastal wa upande wa ufukweni na kuwauliza kama wana mpango wa kutumia jina hilo au kama wataona vibaya. Hawakuwa na mpango, na waliomba kitu kimoja: neno Ngamiani lionekane kwenye bango ili isidhaniwe ni tawi lao. Ombi hilo lilitusaidia sisi zaidi kuliko wao, maana jina la chombo peke yake halisemi mnatoka wapi.

Sasa jina lenyewe tulipime kama tulivyopima mengine. Ngalawa ina silabi tatu, zote zimefungwa na "a". Mkazo uko katikati, nga-LAA-wa, na ndipo kundi linapovuta. Msikilizaji wetu wa nyuma ya goli aliliandika "ngalawa" mara nyingi na "galawa" mara chache, na galawa ni jina lilelile kwa midomo ya baadhi ya watu wa pwani, kwa hiyo hata lililopungua lilifika. Ugumu uko kwenye ngoma. Silabi tatu hazikai juu ya hatua mbili. Ukizilazimisha, nusu ya watu wanapiga mguu kwenye "la" na nusu kwenye "wa", na kelele inachanika. Dawa tuliyoipata ni kuijaza nafasi ya nne kwa kofi: nga, la, wa, kofi. Mpiga ngoma akishaishika hiyo, watoto wadogo wanaifuata. Kwa mwito na kiitikio kiongozi anaita "Ngalawa!" na kundi linajibu "Tweka!" kama watu wanaopandisha tanga. Neno hilo la pili ni fupi, linamalizikia kwenye "a", na lina kitendo ndani yake, mkono unapanda juu pamoja nalo.

Mtu mmoja wa kundi naye alipata jina bila taabu. Mwana Ngalawa, wana Ngalawa. Halina jinsia, halina umri, na yule mama wa vitumbua alilijaribu pale pale mbele ya watu na kusema hilo atakwenda nalo nyumbani.

Bango likarudi kwangu. Herufi saba za sentimita 60 ni mita nne na senti ishirini, ukiweka ukingo wa kushikia kila upande unapata mita tano na kidogo. Kitambaa tulichonunua kilikuwa na upana wa mita moja na nusu: jina likachukua sentimita 75, chini yake NGAMIANI kwa herufi za sentimita 25, na nafasi iliyobaki ikagawanywa juu, katikati na chini. Neno la chini halisomeki kutoka jukwaa la pili na halikukusudiwa kusomeka. Ni la kamera na la majirani.

Hapa kuna jambo la ufundi ambalo nataka kila atakayechora jina hili au linalofanana nalo alijue. Ukipiga mistari ya penseli ukagawa nafasi sawa kwa kila herufi, utakapomaliza bango litasomeka NGAL AWA. Sababu ni kwamba L iko wazi upande wa juu kulia, na A inayofuata imelala upande wa juu kushoto, kwa hiyo kati yao panabaki shimo kubwa ambalo jicho la mbali linalisoma kama nafasi kati ya maneno mawili. Wakati huohuo A, W na A zina mistari iliyolala inayokaribiana, kwa hiyo zinaonekana zimesongamana au zimepwaya kutegemea mkono wa mchoraji. Nilichofanya ni kuisukuma A ya pili mpaka mguu wake ukakaribia kugusa mguu wa L, na kuipanua nafasi kati ya N na G kidogo. W nikaiachia upana wake, kama sentimita 85, nikaufidia kwa kuipunguza L. Halafu nilichora kwa chaki kwanza, nikalitundika ukutani, nikavuka barabara mpaka mbali ninakoweza kufika, na kulitazama nikiwa nimefumba macho nusu. Hapo shimo linajionyesha lenyewe. Rangi ikishakauka huna la kufanya.

Kosa lingine lilizuiwa mapema. Kijana mmoja alikuwa ameshatengeneza picha ya kundi la wasapu akaandika NG'ALAWA, kwa ritifaa, kama ng'ombe. Watu wengi wataandika hivyo bila kukusudia, kwa hiyo katibu alituma jina likiwa limeandikwa sahihi kwa kila mwanachama kabla ya mtu yeyote kwenda kwa mchapaji.

Rangi tulibishana sana. Wengi walitaka kitambaa chekundu na herufi nyeupe. Mimi nilitetea kitambaa cheupe na herufi nyekundu, kwa sababu ya picha. Watu wamevaa jezi nyekundu na wamesimama nyuma ya bango jekundu: kwenye simu ndogo bango linayeyuka ndani ya miili yao. Jeupe linakata. Ubaya wake ni kwamba kitambaa cheupe chepesi kinaonyesha mwanga, jua likiwa nyuma utaona miguu ya watu kupitia herufi, kwa hiyo tulitafuta kizito na tukakishonea pindo la kamba juu na chini. Skafu ndizo zikawa nyekundu.

Skafu ina sheria zake. Ya kawaida ina urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa sentimita 18 hivi. Watu wakiinyanyua juu ya kichwa wanashika kila upande na kumeza kama sentimita 20, kwa hiyo katikati inabaki mita moja na kidogo ya kuandikia. Ngalawa inakaa hapo kwa raha, herufi za sentimita 12 na nafasi inabaki. Lile jina la herufi 45 lingelazimisha kila herufi iwe na upana wa sentimita mbili.

Ambacho wengi hawakifikirii ni kwamba skafu kwa muda mwingi hainyanyuliwi. Iko shingoni, na ikiwa shingoni katikati yake iko nyuma ya shingo, mahali ambapo hakuna kamera. Kinachoonekana mbele ni ncha mbili zinazoning'inia. Mchapaji alitaka kuweka jina katikati na kuacha ncha na mistari ya rangi tu. Tukambadilishia: katikati jina, na kwenye kila ncha tanga la ngalawa likiwa limesimama wima, na chini yake Ngamiani. Ilibidi aelekezwe kwamba michoro ya ncha mbili itazame pande tofauti, ili skafu ikishakunjwa shingoni matanga yote mawili yasimame sawa. Kama yote yangetazama upande mmoja, ncha moja ingekuwa na tanga lililopinduka, na unakumbuka wapinzani walikuwa na wimbo gani. Tulilijaribu hili kwa kipande cha khanga na karatasi zilizobandikwa kwa pini kabla ya kulipa. Nguo yenyewe tulichagua satini nyepesi iliyochapwa pande zote mbili. Ya kufumwa ina sura nzuri, lakini joto la Tanga wakati wa kaskazi litawafanya watu waivue kabla ya mapumziko. Na ikichapwa upande mmoja, kwenye picha nusu ya watu wataonyesha mgongo mweupe usio na kitu.

Imebaki picha ya pamoja. Kwa kamera ya kawaida ya simu, mpigaji husimama nyuma kiasi cha robo tatu ya upana anaotaka kuupata. Bango la mita tano linamweka kama mita nne, na kutoka hapo nyuso zinatambulika. Bango la mita 15 lingemsukuma mita 11 au zaidi, na nyuso zingekuwa nukta. Mita tano pia ni mabega ya watu kumi waliosimama karibu, kwa hiyo safu ya mbele inajijaza yenyewe. Sisi tuliwasimamisha kumi nyuma ya bango, wakishika ukingo wa juu usawa wa mabega, na wengine wakasimama nyuma yao kwa safu mbili. Wakikaa mbele ya bango, vichwa vyao vinakula miguu ya herufi, na NGALAWA ikikatwa chini inakuwa safu ya pembetatu.

Ncha za bango ndizo zinazoumia zaidi. Wa mwisho kulia na wa mwisho kushoto hukunja kitambaa ili wao waonekane, na herufi ya kwanza na ya mwisho hupotea. Kila jina lijaribiwe hivyo: funika herufi ya kwanza kwa kiganja, soma, kisha funika ya mwisho. Ngalawa ikipoteza N inabaki galawa, ambayo bado ni chombo kilekile. Ikipoteza A ya mwisho inakuwa NGALAW, na jicho linaijaza. Hata hivyo nilishona fimbo nyembamba ya mwanzi kwenye kila ukingo wa pembeni, ili mshikaji ashike fimbo badala ya kitambaa, na asiweze kukunja hata akitaka.

Siku ya kwanza Mkwakwani lile kofi la nafasi ya nne lilipotea kwa dakika nyingi, kwa sababu waliokaa jirani nasi hawakulijua na walijaza nafasi kwa kupiga mguu. Kiongozi wa hamasa akasimamisha ngoma, akaita "Ngalawa!" peke yake mpaka "Tweka!" ikarudi kutoka pembe tatu za jukwaa, ndipo akairudisha ngoma taratibu. Tangu hapo tawi huanza na mwito huo kila mechi, na mdundo wa kofi huingia baadaye, majirani wakishapasha sauti. Nyimbo za hatua mbili zinaimbwa bado, ila kwa jina la klabu, si la tawi.

Jina refu liko kwenye katiba, ukurasa wa kwanza, na chini yake pameongezwa kifungu kinachosema tawi litajulikana kwa jina la Ngalawa, bila ritifaa, na kwamba nembo ya klabu haitachapwa kwenye bango wala skafu mpaka uongozi wa klabu utoe ruhusa kwa maandishi.